Tegemeo likianguka, nani atajua kwanza? Rejista ya hatari katika bajeti ya shule ya kutwa

Ukifungua bajeti ya shule nyingi za upili huku Nyanza na Magharibi, utakuta jedwali safi la mapato na matumizi, na mwishoni kijisehemu kiitwacho "Changamoto". Hapo pameandikwa kuwa fedha za serikali huchelewa, wazazi hawalipi kwa wakati, bei ya vyakula hupanda, na kwamba bodi itafuatilia. Sentensi hizo ni za kweli zote, ila hazimsaidii mtu yeyote. Hazisemi fedha zikichelewa kwa muda gani ndipo mambo yaharibike, ni shilingi ngapi zitakosekana, na nani hasa kati ya wanabodi ataamka asubuhi kwenda kutazama. Bodi haina macho. Mwenye macho ni bursa, naibu wa mwalimu mkuu, mtunza stoo, mpishi.

Rejista ya hatari ya bajeti ni karatasi inayoziba pengo hilo. Kila mstari wake unaanza na tegemeo, yaani jambo ambalo lazima liwe kweli ndipo tarakimu ya bajeti isimame. Baada ya tegemeo yanaandikwa madhara yake kwa shilingi likianguka, alama itakayotuonya mapema, mtu anayeitazama alama hiyo, na hatua ambayo tayari imekubaliwa. Ni ukurasa mmoja, ikizidi sana miwili. Ugumu uko katika kuijaza bila kujidanganya, na njia rahisi ya kuuona ugumu huo ni kuijaza kwa shule moja.

Tuchukue shule ya kutwa ya mfano, upande wa Nyando, Kaunti ya Kisumu. Ina wanafunzi 400. Walimu sita wanalipwa na bodi, shilingi 15,000 kila mmoja kwa mwezi, na wafanyakazi tisa wasio walimu wanalipwa 11,000 kila mmoja. Mishahara hiyo inafika 189,000 kwa mwezi. Serikali inatarajiwa kutoa 22,244 kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, kwa mafungu matatu: nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 muhula wa pili na asilimia 20 muhula wa tatu. Chakula cha mchana hakimo katika fedha hizo. Hicho ni mzigo wa mzazi.

Bursa wa shule hii ameandika katika bajeti kwamba muhula wa kwanza serikali italeta 4,448,800. Tarakimu hiyo moja imebeba mategemeo matatu tofauti, na rejista nyingi huanza kupotea hapa kwa kuyafunga yote katika mstari mmoja unaosema "fedha za serikali". La kwanza ni kwamba wanafunzi 400 watahesabiwa na wizara. La pili ni kwamba kiwango kitakuwa 22,244 kwa kichwa. La tatu ni kwamba fedha zitaingia mapema, tuseme kufikia juma la tatu la muhula. Kila moja huanguka kwa sababu yake, huonwa na mtu wake, na huhitaji dawa yake.

Tuanze na hesabu ya vichwa. Wizara hailipi kwa wanafunzi walioketi darasani. Inalipa kwa walioingizwa katika mfumo wake wa kompyuta wa kusajili wanafunzi, ambao kwa miaka kadhaa umekuwa NEMIS. Mwanafunzi asiye na cheti cha kuzaliwa hukwama nje ya mfumo. Aliyehamia kutoka shule nyingine anaweza kuonekana bado ni wa kule mpaka shule hiyo imwachilie. Jina lililoandikwa kwa namna moja kwenye cheti na namna nyingine kwenye matokeo ya mtihani nalo huleta shida. Mwaka 2025 wizara ilipoanza kuhakiki idadi za wanafunzi kufuatia madai ya wanafunzi hewa, shule ambazo takwimu zake hazikuwa sawa ziliona umuhimu wa jambo hili kwa uchungu.

Basi naibu wa mwalimu mkuu anachukua rejista za madarasa, anazilinganisha na orodha iliyo kwenye mfumo, na kukuta majina 372. Pengo ni wanafunzi 28. Kwa mwaka mzima, 28 mara 22,244 ni shilingi 622,832. Hiyo ni zaidi ya mishahara ya miezi mitatu ya watu wote kumi na watano wanaolipwa na bodi, na imepotea kwa sababu ya makaratasi. Ndiyo maana mstari huu unastahili kuandikwa hivi:

Tegemeo: wanafunzi wote 400 wako kwenye mfumo kabla ya mgao wa muhula wa kwanza.
Likianguka: kila jina linalokosekana ni 11,122 muhula wa kwanza na 22,244 kwa mwaka.
Alama ya tahadhari: Ijumaa ya mwisho ya Januari, tofauti kati ya rejista za madarasa na mfumo inazidi majina 8.
Anayetazama: naibu wa mwalimu mkuu, asipokuwepo, mwalimu anayeingiza data.
Hatua: orodha ya majina na sababu ya kila moja inakwenda kwa walimu wa madarasa siku hiyo hiyo, mzazi asiye na cheti cha mtoto anaelekezwa kwa chifu na ofisi ya usajili wa vizazi, shule zinazoshikilia majina zinapigiwa simu na mwalimu mkuu mwenyewe.

Alama ya tahadhari hapo ina tarehe na ina tarakimu. "Iwapo idadi itapungua sana" si alama, maana kila mtu ana "sana" yake. Tena tarehe imewekwa kabla fedha hazijatoka, wakati bado kuna la kufanya. Alama inayowaka baada ya fedha kuingia pungufu ni taarifa ya msiba.

Katika bodi nyingi, mtu anayeandikwa kufuatilia kila mstari ni mwalimu mkuu. Inaonekana ni heshima, lakini ni kosa. Mwalimu mkuu haoni orodha ya mfumo kila siku, na ndiye atakayeulizwa kwa nini idadi imepungua. Mtu wa aina hiyo si mwongo, ila ana kila sababu ya kusubiri wiki moja zaidi akitumaini mambo yatajirekebisha. Kazi ya kutazama apewe anayeiona tarakimu kwanza, na kazi ya kuamua abaki nayo mkubwa. Ziandikwe kama kazi mbili.

Tegemeo la pili, la kiwango, limetikiswa hadharani. Julai 2025 Waziri wa Fedha John Mbadi aliwaambia wabunge kwamba fedha zilizotengwa zingetosha takriban 16,900 kwa kila mwanafunzi wa shule ya upili badala ya 22,244. Kelele zilipigwa, na serikali ikasema elimu ya bure ingali palepale. Kwa bursa wa Nyando, siasa ya jambo hilo ina uzito mdogo kuliko hesabu yake. Kwa wanafunzi 400, tofauti kati ya viwango hivyo viwili ni shilingi 2,137,600 kwa mwaka. Bajeti iliyoandikwa kwa 22,244 bila mstari wa rejista kando yake imechukua upande mmoja wa mjadala huo bila kusema. Na hata bila mjadala, si kila shilingi ya kiwango hufika katika akaunti ya shule, kwa kuwa sehemu fulani inaweza kubaki juu kwa matumizi ya pamoja. Bursa mwangalifu hutazama kilichoingia kweli miaka mitatu iliyopita, kisha ndipo anaandika. Katika mfano huu nitaendelea na 22,244 ili hesabu ifuatike kwa urahisi.

La tatu ni wakati. Watu husema "pesa hazijafika" kwa hali mbili zisizofanana: fedha zilizochelewa na fedha zilizopungua. Zilizochelewa zinahitaji daraja la kuvukia mpaka zifike, yaani kusogeza malipo, kuomba subira kwa muuza vitabu, kutumia akiba kisha kuirudisha. Zilizopungua hazina ng'ambo ya kuvukia. Zinahitaji bajeti ikatwe. Shule inayotibu upungufu kana kwamba ni ucheleweshaji hukopa Machi kwa matumaini ya Aprili, na Aprili haina kitu.

Hali hizo mbili zinaweza kutofautishwa siku fedha zinapoingia, kwa kugawanya mara moja tu. Tuseme benki inaonyesha 3,236,400 badala ya 4,448,800. Pengo ni 1,212,400, na chumba cha walimu tayari kimejaa maneno. Bursa achukue kilichoingia agawanye kwa wanafunzi walioko kwenye mfumo, 372. Anapata 8,700. Nusu ya kiwango kamili ni 11,122. Sasa pengo linagawanyika lenyewe. Wanafunzi 28 waliokosekana, mara 11,122, ni 311,416. Hiyo ni ya mstari wa kwanza na naibu ndiye wa kuieleza. Wanafunzi 372 waliopungukiwa 2,422 kila mmoja ni 900,984. Hiyo ni ya kiwango. Jumlisha, unarudi kwenye 1,212,400 bila senti kupotea.

Kile cha 311,416 kinaweza kufuatwa kwa vyeti na simu, na muhula wa pili kikaanza kurekebika. Kile cha 900,984 hakuna wa kukifuata Nyando. Kinaweza kuwa fungu lililobaki ambalo litaletwa baadaye, au kinaweza kuwa kimekatwa moja kwa moja. Kwa kuwa hatujui, rejista iweke mwisho wa kusubiri: ikipita siku 30 tangu fungu la kwanza kuingia na nyongeza haijaonekana, bodi itaitwa na bajeti irekebishwe kana kwamba nyongeza haipo. Ikija baadaye, itapokelewa kwa mikono miwili. Siku 30 si amri ya sheria. Shule nyingine itachagua 21 au 45. Lililo muhimu ni kwamba siku hiyo ilichaguliwa Desemba, watu wakiwa wametulia, na haikungoja mishahara idaiwe.

Sasa tufike jikoni, maana ndiko bajeti ya shule ya kutwa huvunjikia.

Kila mwanafunzi anatakiwa kulipa 1,200 kwa muhula za chakula cha mchana, 3,600 kwa mwaka. Kwa watoto 400 ni 1,440,000, lakini bursa ni mtu mzima. Ameandika kwamba asilimia 85 ndizo zitakazokusanywa, yaani 1,224,000. Upande wa matumizi, githeri ya watoto 400 inakula takriban kilo 60 za mahindi kwa siku na kilo 24 za maharagwe. Kwa siku 190 za masomo ni magunia 127 ya mahindi ya kilo 90 na magunia 51 ya maharagwe. Mahindi ameyakadiria 3,500 kwa gunia, maharagwe 10,000, na kuni, mafuta, chumvi na nyongeza ya wapishi 250,000. Jumla 1,204,500. Anabakiwa na 19,500. Yaani akaunti nzima ya chakula imesimama juu ya ukuta mwembamba wa shilingi elfu kumi na tisa na mia tano.

Katika mstari huu watu huweka bursa atazame makusanyo, na ni sawa, risiti ziko kwake. Lakini risiti zinaonyesha nusu ya habari. Nusu ya pili iko kwenye foleni ya chakula. Kama waliolipa ni 290 na sahani zinazopakuliwa ni 380, sufuria inalisha watu 90 ambao hawajalipa. Si lazima iwe uhalifu. Mwalimu wa zamu anamwona mtoto amekaa chini ya mwembe wenzake wakila, anamwambia mpishi, "Mama, mpe huyu naye." Ni nani atamlaumu? Ila ikiwa shule imeamua kuwalisha wasioweza, hilo liwe tegemeo lililoandikwa, pamoja na idadi na fedha zake, kwa mfano basari iliyotengwa. Likibaki huruma ya dirishani, litaonekana Juni stoo ikiwa tupu.

Kwa hiyo mstari wa chakula unapewa watazamaji wawili walio na tarakimu mbili. Bursa anatoa makusanyo: mwisho wa juma la nne la muhula yawe yamefika angalau 240,000 kati ya 408,000 zinazotarajiwa. Mwalimu wa zamu anatoa idadi ya sahani kila Jumatano, anaiandika katika daftari la zamu na kuitia sahihi. Tofauti kati ya waliolipa na waliokula ikizidi 60 kwa Jumatano mbili mfululizo, jambo linakwenda kwa mwalimu mkuu wiki hiyo hiyo. Nimeweka Jumatano mbili kwa sababu Jumatano moja inaweza kuwa ya michezo, au shule jirani ilitembelea.

Mtunza stoo naye ana tarakimu yake, na hii ndiyo naipenda zaidi kwa kuwa haihitaji kompyuta. Muhula wa kwanza umeanza na magunia 45. Kilo 60 kwa siku maana yake ni kwamba kila siku tatu magunia mawili yanaondoka. Siku ya thelathini ya masomo, magunia 20 yawe yameliwa na 25 yawe yamesimama ukutani. Mtu anaingia na kuhesabu kwa kidole. Akikuta 19, magunia sita yamekwenda mahali. Labda mpishi anapima kwa gorogoro na anajaza mpaka kilele, labda dumuzi ameingia, labda mlango wa nyuma una ufunguo wa pili. Tarakimu haisemi ni lipi. Inasema tu kwamba leo ndiyo siku ya kuuliza, na bado kuna magunia 19 ya kuokoa.

Mpaka hapa tumetazama mistari mmoja mmoja. Lakini mategemeo ya bajeti yameshikana, na rejista isiyoonyesha yanavyoshikana itaikosa hasara kubwa kuliko zote. Shule yetu ilibakiwa na 300,000 katika akaunti ya chakula mwaka uliopita, fedha za kuzungusha ambazo lazima ziwepo tena mwishoni mwa mwaka huu, ndiyo maana hazimo katika ile 19,500. Mpango ulikuwa kuzitumia Februari kununua magunia 82 ya mihula miwili inayofuata, kwa 287,000, wakati mahindi ya Trans Nzoia na Uasin Gishu yaliyovunwa mwishoni mwa mwaka bado yamejaa sokoni na bei iko chini.

Februari inafika, fedha za serikali hazijaingia. Wafanyakazi wana mwezi mmoja na nusu bila mshahara, jumla 283,500. Mlinzi amekuja ofisini mara tatu. Mwalimu mkuu anamwita bursa.

"Madam, kwenye akaunti ya chakula mna ngapi?"

"Laki tatu, Mwalimu. Lakini hizo ni za mahindi."

"Tutarudisha mgao ukiingia. Hawa watu wana watoto."

Ni uamuzi wa kibinadamu, na fedha zinarudishwa kweli, Aprili, mpaka shilingi ya mwisho. Mkaguzi akija ataona deni lililoingia na likatoka. Hataona kwamba Februari imepita. Magunia 82 sasa yananunuliwa Mei na Juni, ghala za wakulima zikiwa zimepungua na mavuno ya Magharibi ya Julai na Agosti hayajafika. Tuseme bei ni 4,800. Nyongeza ya 1,300 kwa magunia 82 ni 106,600. Ile 19,500 ya akiba ya mwaka imeondoka, na pengo la 87,100 limebaki. Tegemeo lililoanguka lilikuwa la tarehe ya fedha za serikali. Lililovunjika ni chakula. Bursa akitazama mstari wa chakula peke yake ataandika "bei ya mahindi ilipanda", na mwaka ujao bodi itapambana na bei, ambayo haina hatia.

Rejista inaweza kuzuia hili kwa njia nyepesi. Katika mstari wa ucheleweshaji, sehemu ya madhara isiandikwe "mishahara itachelewa" na kuishia hapo. Iandikwe pia: "Kishawishi cha kukopa akaunti ya chakula, gharama yake ni takriban 1,300 kwa kila gunia lisilonunuliwa kabla ya Machi." Kisha hatua iliyokubaliwa itaje mpangilio. Kwa shule hii ningependekeza mahindi ya mwaka yanunuliwe kwanza, kabla ya Februari 15, ili kusiwe na fedha za kukopa. Mishahara ya wasio walimu ilipwe nusu kutoka akiba ndogo ya uendeshaji ya 150,000 iliyotengwa mwaka jana kwa kazi hiyo. Walimu wa bodi waelezwe Januari, kwa maandishi, kwamba fungu likichelewa zaidi ya juma la sita watalipwa kwa awamu. Ununuzi mwingine wote usimame mpaka mgao uingie. Si mpangilio wa kupendeza. Mwalimu anayelipwa 15,000 akiambiwa asubiri, anasubiri na kodi ya nyumba mkononi. Lakini aliyeambiwa Januari anaweza kujipanga, na aliyeambiwa siku ya malipo hawezi.

Kununua mapema nako kuna hatari zake, zinazopaswa kuingia kwenye rejista. Mahindi yanayokaa miezi minane lazima yawe makavu, unyevu usizidi asilimia 13.5, la sivyo kuvu itaingia na sumu yake ikatie hasara mara mbili. Kipimo cha unyevu kiombwe siku ya kupokea mzigo, gunia kwa gunia, wala si kwa gunia la juu ambalo mfanyabiashara amelichagua mwenyewe. Anayetazama ni mtunza stoo, na alama ni gunia lolote linalozidi kipimo: linarudi kwenye lori.

Idadi ya wanafunzi mwaka hadi mwaka ilikuwa tegemeo ambalo hakuna aliyeliandika, kwa sababu halikuwahi kuanguka. Shule ilipokea Kidato cha Kwanza kila Januari, kama mvua ya masika. Kisha ikaja Januari 2025, na Kidato cha Kwanza hakikuwapo nchi nzima, kwa kuwa watoto wa mtaala mpya walikuwa Gredi ya 9 katika sekondari msingi. Shule ziliendeshwa kwa madarasa matatu, zikiwa na walinzi walewale, bili ya umeme ileile na walimu wa bodi walewale. Gredi ya 10 iliingia Januari 2026, wakati huu kwa kuchagua shule na mikondo ya masomo. Shule ya kutwa iliyoandika "100 kama kawaida" imeandika kawaida ambayo haipo tena. Mstari huo ufuatiliwe na naibu kwa kuhesabu waliofika kila Ijumaa ya majuma manne ya kwanza, na tangu Desemba bodi ijue ni kwa idadi gani mwalimu wa sita wa bodi hataajiriwa.

Kuhusu wingi wa mistari, shule hii haihitaji zaidi ya saba au nane. Nimeona rejista zenye mistari 30, kila mmoja umepakwa rangi nyekundu, manjano au kijani, bila tarakimu hata moja ndani. Rangi hizo hubadilishwa siku moja kabla ya mkutano. Njia ya kuitambua rejista iliyokufa ni kuangalia kama kuna mstari wowote uliobadilika tangu muhula uliopita. Ikiwa fedha ziliingia pungufu, watoto 28 hawakuwa kwenye mfumo, mahindi yalinunuliwa Juni, na karatasi bado inasomeka kama ya Desemba, basi hakuna aliyeitazama. Katika mkutano wa bodi mwenyekiti hahitaji kusomewa yote. Aulize ni alama zipi zimewaka tangu tulipokutana, nani aliziona na tarehe gani, na kama hatua iliyokubaliwa ilichukuliwa. Dakika kumi zinatosha, na majibu yaingie kwenye kumbukumbu za mkutano pamoja na jina la aliyejibu.

Hubaki mategemeo ambayo hakuna mtu shuleni anayeweza kuyatazama kwa maana yoyote. Kule uwanda wa Kano, mafuriko ni mojawapo. Mwaka 2024 ufunguzi wa muhula wa pili ulisogezwa nchini kote kwa sababu ya mvua, mpaka Mei 13. Mwalimu wa jiografia anaweza kusoma utabiri wa msimu wa Machi hadi Mei unapotolewa na Idara ya Hali ya Hewa, lakini utabiri haumwambii kama maji yatafika kwenye stoo yake. Kwa mstari wa namna hiyo, safu ya mtazamaji isijazwe jina la kuzugia. Iandikwe "hakuna", na katika safu ya hatua iingie shilingi: magunia yainuliwe juu ya mbao futi mbili kutoka sakafuni kabla ya Machi kwisha, 18,000 za mbao na fundi, zitolewe katika bajeti ya mwaka huu na zisingoje dharura. Kwa shule yetu hizo 18,000 zinakula karibu yote ya ile 19,500, na hapo bodi italazimika kuamua kama makusanyo ya asilimia 85 yanatosha, au mchango wa 1,200 upande hadi 1,250 kabla wazazi hawajaitwa kwenye mkutano wa Januari.